Mkaguzi anapofika uwanjani: jalada la ushahidi la mwalimu wa elimu ya viungo

Mwalimu wa hisabati akitembelewa na mkaguzi huweza kufungua daftari la mwanafunzi yeyote na kuonyesha kilichofundishwa, kilichokosewa na kilichosahihishwa. Mwalimu wa elimu ya viungo hana daftari la namna hiyo. Kengele ikilia na vumbi la uwanja likitulia, kazi ya wanafunzi wake huwa imekwisha kupeperuka. Mtoto amekimbia, ameruka, amedaka mpira, na hakuna alama iliyobaki popote isipokuwa mwalimu mwenyewe ameiandika. Hapo ndipo walimu wengi wa somo hili hupata taabu siku ya ukaguzi, hata wale wanaofundisha kwa bidii.

Kwa walimu wa Arua, Koboko na tarafa ndogo kama Ludara, jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika nchini Uganda. Mtaala huo umeifanya elimu ya viungo kuwa somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, sawa na Kiswahili. Somo lililokuwa likipewa nafasi ya mwisho katika ratiba sasa linakaguliwa kama mengine. Shule za sekondari hukaguliwa na Kurugenzi ya Viwango vya Elimu iliyo chini ya Wizara ya Elimu na Michezo, na shule za msingi kwa kawaida hutembelewa na mkaguzi wa shule wa wilaya. Kabla ya hao, mwalimu mkuu au msimamizi wa masomo anaweza kuketi pembeni mwa uwanja na fomu yake mkononi.

Katika shule za msingi hali ina sura nyingine. Kuanzia darasa la nne, elimu ya viungo imeunganishwa na sanaa katika somo moja, na somo hilo halimo katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, wenye masomo manne tu. Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi huko huwa jepesi kuliko yote: je, kipindi hiki hufanyika kweli, au kimo kwenye ratiba tu huku watoto wakifanya mazoezi ya hisabati?

Jalada lenyewe si mzigo mkubwa. Ndani yake huwamo nakala ya sehemu ya mtaala inayofundishwa, azimio la kazi la muhula, maandalio ya masomo, kumbukumbu ya kazi iliyofanyika, orodha ya mahudhurio, karatasi za tathmini, karatasi ya usalama wa uwanja na daftari la vifaa. Walimu wengi wanavyo vitu hivi vyote. Kinachokosekana ni uzi unaoviunganisha. Mkaguzi mzoefu hasomi jalada zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Huchagua kipindi kimoja cha wiki tatu zilizopita, kisha hukifuata: kimo katika azimio la kazi? Kina andalio? Wanafunzi wangapi walihudhuria? Walipimwaje? Mwalimu aliona nini, na kipindi kilichofuata kilibadilikaje? Uzi ukikatika katikati, unene wa jalada haumsaidii mwalimu kitu.

Uzi mmoja, kipindi kimoja

Tutumie mfano wa kubuni. Mwalimu anafundisha kidato cha kwanza chenye wanafunzi 62, na mada yake ni mbio za kupokezana vijiti. Hana uwanja wenye njia zilizopimwa rasmi, ana saa ya kupimia muda iliyo ndani ya simu yake tu, na kipindi chake kina dakika 40. Vijiti amevikata kutoka kwenye bomba la plastiki la maji: bomba la mita 6 humpa vijiti 20 vya sentimita 29, urefu unaokubalika hata katika mashindano rasmi, ambayo hutaka kijiti kiwe kati ya sentimita 28 na 30.

Katika andalio lake mwalimu huyu angeweza kuandika, kama wengi waandikavyo, kwamba mwanafunzi “ataelewa mbio za kupokezana vijiti”. Lengo la namna hiyo halipimiki, kwa kuwa kuelewa hakuonekani kwa macho. Badala yake ameandika kwamba mwanafunzi ataweza kutoa na kupokea kijiti akiwa anakimbia, ndani ya eneo la mita 20 lililochorwa kwa majivu. Sasa mkaguzi aliyesimama pembeni anaweza kuona kama jambo hilo limetokea au la. Andalio zima hutegemea sentensi hiyo moja.

Siku ya kipindi cha kwanza, wanafunzi wanne hawakuja shuleni na wawili wameomba wasikimbie kwa sababu za kiafya. Wamebaki 56, yaani timu 14 za watu wanne wanne. Wale wawili hawakuachwa wakae chini ya mwembe. Mmoja amepewa saa, wa pili amepewa karatasi ya kuandikia, na orodha ya mahudhurio inaonyesha kazi waliyofanya. Mkaguzi hutazama sana walipo watoto wasiokimbia. Orodha inayosema “hawakushiriki” bila neno lingine humwachia swali, na ile inayosema “alipima muda” humpa jibu.

Mwalimu mmoja hawezi kuwatazama kwa makini wanafunzi 56 katika dakika 40. Anayedai amewapima wote kwa siku moja, kila mmoja na alama yake, amejitia mashakani mwenyewe. Mwalimu wetu amechagua timu nne kila kipindi, wanafunzi 16. Timu nyingine zinaendelea na mazoezi karibu naye, lakini macho na kalamu yake viko kwa hizo nne, na timu zilizosalia zitapata zamu katika vipindi vitatu vinavyofuata. Azimio la kazi linaonyesha mpango huo waziwazi, kwa hiyo nafasi tupu katika karatasi ya tathmini ya wiki ya kwanza haimshangazi mtu.

Karatasi hiyo ina safu tatu tu mbele ya jina la kila mwanafunzi. Ya kwanza: mpokeaji alianza kukimbia mwenzake alipofika kwenye alama? Ya pili: mkono wa nyuma ulikuwa umenyooka na kutulia, bila yeye kugeuza kichwa? Ya tatu: kijiti kilibadilisha mikono ndani ya eneo huku wote wawili wakikimbia? Jibu ni alama ya ndiyo au mstari wa hapana. Wanafunzi hubadilishana nafasi ili kila mmoja atoe na apokee. Safu kumi na mbili zingekuwa za kitaalamu zaidi, lakini hakuna mwalimu anayeweza kuzijaza akiwa amesimama juani huku watoto wakipita mbio mbele yake. Karatasi isiyojazika uwanjani hujazwa usiku nyumbani, na hiyo si tathmini tena.

Kisha kuna muda. Hapa mwalimu amefanya jambo ambalo wengi hulisahau. Muda wa mbio za timu peke yake hauonyeshi kama watoto wamejifunza kupokezana, kwa sababu timu yenye watoto wepesi itashinda hata ikiangusha kijiti. Kwa hiyo kwanza amempima kila mwanafunzi wa timu nne za siku hiyo akikimbia mita 50 peke yake. Wanafunzi 16 walimaliza kwa muda wa dakika tano hivi. Katika timu moja muda ulikuwa sekunde 8.4, 8.9, 9.1 na 8.6, jumla sekunde 35.0. Timu hiyohiyo ilipokimbia kwa kupokezana mara nne mita 50, ilitumia sekunde 36.2.

Namba hizo mbili zinazungumza. Mpokeaji anayeanza kukimbia kabla ya kushika kijiti hufaidika na mwendo ambao mtu anayeanza kutoka kusimama hana. Timu inayopokezana vizuri hutakiwa kutumia muda mdogo kuliko jumla ya mbio za mmoja mmoja. Timu hii ilitumia sekunde 1.2 zaidi. Karatasi ya safu tatu inaeleza sababu: wapokeaji wote watatu walisimama wakageuka nyuma kungoja kijiti.

Chini ya andalio kuna nafasi ya maoni ya mwalimu baada ya kipindi. Hapo ndipo maneno “somo lilifundishwa vizuri” huandikwa mara nyingi kuliko mengine yote, na ndipo mkaguzi husoma kwa makini kuliko pengine popote. Mwalimu wetu ameandika kwamba katika timu tatu kati ya nne wapokeaji waligeuka nyuma, na kwamba kipindi kijacho wataanza wawili wawili, kwanza wakitembea, kisha wakikimbia polepole, mtoaji akisema neno moja: “shika!” Amechagua neno hilo kwa makusudi. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, lakini katika darasa la Koboko huweza kuketi mtoto wa Kikakwa, mwenye kuzungumza Kinubi, Mlugbara, na aliyekuja kutoka Kongo au Sudan Kusini. Neno fupi la Kiswahili ambalo wote wamekubaliana hulifikia sikio la mkimbiaji haraka. Andalio la kipindi kilichofuata linaonyesha zoezi hilohilo, kwa tarehe yake. Uzi haujakatika.

Wiki ya tatu timu ileile ilipimwa tena. Muda wa mmoja mmoja ulikuwa jumla sekunde 34.8, karibu sawa na mwanzo. Muda wa kupokezana ulishuka hadi 34.1. Kipimo cha pili cha mmoja mmoja ndicho kinachoufunga mlango wa ubishi: watoto hawakuongezeka kasi kwa kiasi cha kutajika, ila wamejifunza kupokezana. Tofauti ya sehemu mbili au tatu za sekunde isingethibitisha chochote, maana kidole kinachobonyeza simu hukosea kiasi hicho. Sekunde 2.1 ni habari nyingine.

Alama na haki ya mtoto mzito

Mtaala wa sekondari ya chini hutumia kipimo cha 0 hadi 3. Sifuri ni kwa aliyeshindwa kufikia lengo lolote. 1 kwa aliyefikia baadhi, lakini hayatoshi. 2 kwa aliyefikia mengi kiasi cha kuridhisha. Na 3 kwa aliyeyafikia yote bila taabu. Tathmini ya darasani si jambo la kupitisha muda, kwa kuwa imewekewa asilimia 20 katika matokeo ya kidato cha nne, na anayeendelea na elimu ya viungo baada ya kidato cha pili huanza safari hiyo mapema.

Kosa linaloonekana haraka katika majalada ni kugeuza muda wa timu kuwa alama ya mtu mmoja mmoja. Timu iliyoshika nafasi ya kwanza hupewa 3 wote, ya mwisho hupewa 1 wote. Mkaguzi akiona wanafunzi wanne mfululizo wenye alama moja, tena timu baada ya timu, huuliza. Mwanafunzi mzito wa mwili anayekimbia mita 50 kwa sekunde 11 anaweza kupokea kijiti kwa ustadi kuliko mshindi wa wilaya, na lengo lililoandikwa lilikuwa kupokea, si kushinda. Safu tatu ndizo zinazompa haki yake. Kwa ajili hiyo karatasi ghafi, yenye jasho na udongo, isitupwe baada ya alama kunakiliwa vizuri kwenye kitabu. Nakala safi huonyesha alama, lakini ile chafu ndiyo huonyesha alama zilikotoka.

Picha ni ushahidi dhaifu kuliko walimu wengi wanavyodhani. Picha ya watoto wakikimbia huthibitisha kwamba siku moja watoto walikimbia. Haionyeshi walichojifunza, wala haisemi ilikuwa tarehe gani. Picha mbili za mikono ya mpokeaji, moja ya wiki ya kwanza na nyingine ya wiki ya tatu, zina thamani kuliko arobaini za darasa zima likitabasamu. Sura za watoto zisionekane bila idhini ya wazazi au walezi na ya uongozi wa shule. Katika eneo linalopokea wakimbizi, kama makazi ya Lobule wilayani Koboko, uangalifu huo ni wa lazima zaidi, kwani kuna familia ambazo hazitaki ijulikane watoto wao wako wapi.

Hali ni hiyohiyo kwa habari za afya. Mwalimu anapaswa kujua nani ana pumu, nani ana selimundu, nani ameambiwa na daktari asikimbie. Lakini karatasi yenye majina na magonjwa haikai katika jalada ambalo kila mgeni hulifungua. Ndani ya jalada huwekwa namba ya mwanafunzi na maelekezo tu, kwa mfano “apumzike kila baada ya zoezi”, na maelezo kamili hubaki yamefungiwa katika ofisi ya shule.

Tarehe zinazosaliti

Jalada lililotungwa usiku wa kuamkia ukaguzi hujulikana. Wino ni mmoja tangu Februari hadi Julai, mwandiko haukuchoka mahali popote, karatasi hazina mkunjo. Zaidi ya hayo, tarehe husaliti. Kipindi kilichoandikwa tarehe 3 Juni ni cha siku ya Mashahidi wa Uganda, ambayo ni sikukuu ya taifa na shule hazifundishi. Cha tarehe 9 Juni kimeangukia siku ya Mashujaa. Mkaguzi anaweza pia kulinganisha kumbukumbu ya kazi na rejista ya darasa, na kwa shule zinazotumia mfumo wa TELA, na mahudhurio ya mwalimu yaliyosajiliwa humo. Mwalimu aliyeandika kwamba wanafunzi 62 walikimbia siku ambayo rejista inaonyesha 49 atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

West Nile hupata mvua nyingi kati ya Aprili na Novemba, na radi zake si za kuchezea. Haiwezekani vipindi vyote vya muhula wa pili na wa tatu viwe vimefanyika uwanjani kama vilivyopangwa. Kumbukumbu isiyo na hata kipindi kimoja kilichohamishwa au kuahirishwa humtia mkaguzi shaka. Ni salama zaidi kuandika kwamba kipindi kilikatizwa na ngurumo saa tano na dakika ishirini, kwamba wanafunzi waliingia darasani wakajifunza kuchora eneo la kupokezana na kanuni zake, na kwamba zoezi lilifidiwa wiki iliyofuata. Kanuni hizo nazo ziwe za sasa: katika mbio rasmi za mara nne mita 100, eneo la kupokezana ni mita 30, baada ya badiliko la kanuni la mwaka 2017. Vitabu vya zamani bado vinasema 20. Mwalimu wetu amechagua mita 20 kwa kuwa wanafunzi wake wanakimbia mita 50 tu, na amelieleza hilo katika andalio, ili mkaguzi asidhani amefuata kitabu kilichopitwa na wakati.

Karatasi ya usalama hufuata kanuni hiyohiyo ya ukweli. Fomu yenye alama ya vema kila mahali, wiki baada ya wiki, humaanisha kwamba hakuna aliyetazama uwanja. Uwanja wa kijijini una mashimo, miiba, vipande vya chupa, na mbuzi waliofungwa kamba pembeni. Karatasi inayosema “shimo karibu na goli la mashariki, eneo limehamishwa mita 10, mwalimu mkuu amejulishwa”, pamoja na tarehe shimo lilipofukiwa, ni ushahidi wa mwalimu anayetembea uwanjani kabla ya watoto. Daftari la vifaa linatosha kuwa na mistari miwili kwa kila kipindi: vijiti 14 vimetoka, vijiti 13 vimerudi, kimoja kimepasuka.

Siku ya ukaguzi yenyewe, mwalimu humkabidhi mkaguzi andalio la siku hiyo kabla ya kipindi kuanza, jalada likiwa mezani au chini ya mti mahali pasipo na upepo. Si vema kukatiza somo ili kumweleza mgeni karatasi. Mazungumzo hufanyika baadaye, na hapo mwalimu hatakiwi kujisifu. Hufungua tu ule uzi, kutoka azimio hadi sekunde 34.1.

Baada ya mazungumzo, mkaguzi huacha maoni yake kwa maandishi. Karatasi hiyo nayo huingia katika jalada, hata ikiwa na lawama. Ikiwa imesema kwamba watoto walikaa kwenye foleni muda mrefu wakingoja zamu, maandalio ya wiki mbili zinazofuata yaonyeshe mistari minane mifupi badala ya minne mirefu, na maoni ya mwalimu yaseme kama kungoja kulipungua. Katika ziara ya pili, karatasi ya kwanza mkaguzi atakayoomba kuiona ni ile aliyoiandika yeye mwenyewe.